Sura ya kurasa 62 kwa wiki tatu: unaikataje, na muhtasari unaandika kitabu kikiwa wazi au kimefungwa?

#1 Mlole_Juu (Kigoma)
Wakuu habari za jioni. Nina sura moja ya baiolojia kidato cha tano, ile ya usafirishaji wa vitu mwilini kwa wanyama. Kurasa 62. Nafasi niliyonayo ni siku nne kwa wiki, saa moja kila siku, na nataka iishe ndani ya wiki tatu. Nikagawa 62 kwa 12, nikapata kurasa tano kila kikao, na muhtasari mwisho wa kila kikao.

Mpango umekwama hata wiki haijaisha. Siku ya kwanza kurasa tano nilizimaliza kwa dakika 20 nikabaki naangalia ukuta. Siku ya tatu kurasa tano zilezile kwa idadi zikala saa nzima na nusu, muhtasari sikuugusa kabisa. Mtihani uko wiki kumi mbele. Nimekosea wapi?

#2 Dagaa_Mkavu
Tano mara 12 ni 60. Zile mbili zilizobaki utazisomea kwenye boti ya Kalya?

Bila utani, mgawanyo wako hauna shida. Ukurasa ni ukurasa. Shida ni simu. Iweke chumba kingine uone kama kurasa tano zitakushinda.

#3 Stesheni_Ndogo
Dada, kama kitabu ni cha shule usithubutu kukikata. Gamu ya mgongo ikishaachia, kurasa zinadondoka moja moja na utalipishwa. Bora upige fotokopi sura nzima, uibane vifungu vinne kwa stepla, kila wiki utembee na kifungu kimoja.

#4 Mlole_Juu
@Stesheni_Ndogo kukata ratiba mkuu, si kukata kitabu kwa wembe 😂 Lakini wazo la fotokopi silitupi.

@Dagaa_Mkavu simu ilikuwa kwa mama jikoni siku zote tatu.

#5 Kalamu_Nyekundu (Tabora)
Simu haina kosa hapa. Kurasa 1 hadi 5 za sura kama hiyo ni utangulizi: kwa nini mdudu mdogo anaweza kuishi bila moyo mkubwa na ng'ombe hawezi. Maneno matupu, unasoma kama gazeti. Siku ya tatu ulikuwa kurasa 11 hadi 15, na nina hakika humo ndimo ulimokutana na grafu ya himoglobini, ile yenye umbo la S. Ukurasa wa grafu hausomwi, unafanyiwa kazi. Unaangalia mhimili wa chini una nini, wa pembeni una nini, mstari unapanda kwa kasi wapi na unalala wapi, ndipo unarudi kwenye maelezo. Huo ukurasa mmoja unakula muda wa kurasa mbili na zaidi za maneno.

Kwa hiyo usigawe kurasa, gawa dakika. Kabla hujagawa chochote fanya kazi ya nusu saa tu. Pitia sura yote ukiandika vichwa vidogo na idadi ya kurasa za kila kimoja. Kwenye kila ukurasa weka alama kwa penseli: mwepesi, au mzito. Mzito ni wenye mchoro unaotakiwa kuuchora mwenyewe, grafu, jedwali la kulinganisha, au mfuatano wa hatua. Picha ya mgonjwa wa upungufu wa damu si uzito, hiyo ni pambo. Halafu chukua saa, soma ukurasa mmoja mwepesi na mmoja mzito, uniletee dakika zako.

#6 Mlole_Juu
Shikamoo mwalimu. Nimefanya leo asubuhi. Kurasa nne za mwisho ni mazoezi, kwa hiyo za kusoma ni 58. Kati ya hizo nyepesi 40, nzito 18. Mwepesi umenichukua dakika 4, mzito dakika 9.

Vichwa ni hivi, namba ya kwanza nyepesi, ya pili nzito. Haja ya mfumo wa usafirishaji 4 na 0. Damu na chembe zake 7 na 2. Himoglobini na gesi 5 na 6. Muundo wa moyo 4 na 3. Mapigo na umeme wa moyo 5 na 4. Mishipa na presha 6 na 2. Maji ya tishu na limfu 4 na 1. Kuganda kwa damu na makundi ya damu 5 na 0.

#7 Kalamu_Nyekundu (Tabora)
Marahaba. Sasa tunaongea.

Nyepesi 40 kwa dakika 4 ni 160. Nzito 18 kwa dakika 9 ni 162. Jumla dakika 322. Umeona? Kurasa 18 zina uzito uleule wa kurasa 40, ndiyo maana mgawo wa sawa kwa sawa ulivunjika siku ya tatu.

Pili, saa moja yako si saa moja ya kusoma. Dakika 5 za mwanzo ni za kukumbuka kikao kilichopita bila kufungua kitu. Dakika 35 kusoma. Dakika 15 muhtasari. Dakika 5 za mwisho kusahihisha muhtasari kwa kitabu. Hizo 322 ukizigawa kwa 35 unapata 9 na kitu, basi vikao 10. Una nafasi 12, kwa hiyo kimoja ni cha yale mazoezi ya kurasa nne na kimoja ni cha akiba. Cha akiba usikipangie kazi. Siku umeme ukikatika au kukiwa na msiba, kikao kilichopotea kinahamia hapo na ratiba haivunjiki.

Mipaka ya vikao iweke kwenye vichwa vidogo, usikate katikati ya hoja. Himoglobini na gesi ni dakika 74 peke yake, hivyo inapasuliwa mara mbili: kikao kimoja kwa grafu ya oksijeni yenyewe, kingine kwa kinachoisogeza grafu hiyo pamoja na safari ya kabonidayoksaidi. Mapigo na umeme ni dakika 56, nayo mbili: mapigo kwanza, umeme baadaye. Muundo wa moyo ni dakika 43, lakini usiupasue. Kuacha moyo nusu na kuurudia kesho kutakupotezea zaidi ya hizo dakika 8 zilizozidi. Mishipa vivyo hivyo, 42.

Utangulizi mfupi, dakika 16, uunganishe na mwanzo wa damu. Limfu ina dakika 25 na kuganda 20. Unaweza kutamani kuzibana pamoja, usizibane, hazina uhusiano na muhtasari wake utakuwa mchanganyiko. Hesabu sasa: damu vikao viwili pamoja na utangulizi, gesi viwili, hiyo wiki ya kwanza. Moyo, mapigo, umeme, mishipa, wiki ya pili. Limfu, kuganda, mazoezi, akiba, wiki ya tatu.

#8 Bangwe_Pwani
Mwalimu umechambua vizuri ila umesahau kitu kikubwa. Ebbinghaus, Mjerumani, alithibitisha mwaka 1885 kwamba binadamu husahau asilimia 70 ya anachosoma ndani ya saa 24. Kwa hiyo lazima urudie siku ya 1, ya 3, ya 7 na ya 21, bila hivyo huo muhtasari ni kazi bure.

#9 Kitabu_Kizee
@Bangwe_Pwani mwaka uko sahihi, mengine polepole. Ebbinghaus alijipima yeye mwenyewe, mtu mmoja, na alichokariri ni silabi zisizo na maana yoyote. Baada ya siku moja, muda aliookoa alipojifunza upya orodha ileile ulikuwa karibu asilimia 34. Hapo ndipo watu walipotoa "husahau theluthi mbili", kisha ikanona ikawa 70. Sura ya damu si silabi tupu. Anayejua kwamba damu inatoka kulia kwenda kwenye mapafu ana kitu cha kushikia.

Na hiyo 1, 3, 7, 21 watu wanaitaja kama kanuni ya mbinguni. Kuacha pengo kati ya marudio kunasaidia, hilo halina ubishi. Kwamba pengo linalokua linashinda pengo lililo sawa, hapo watafiti wenyewe hawajakubaliana.

#10 Bangwe_Pwani
Sawa mzee wa kitabu. Basi tupe wewe namba yako.

#11 Kitabu_Kizee
Namba moja pekee haipo, inategemea mtihani uko mbali kiasi gani. Cepeda na wenzake, mwaka 2008, walipima mapengo mbalimbali, na kwa kukadiria pengo zuri lilikuwa kama asilimia 10 hadi 20 ya muda uliobaki, asilimia hiyo ikipungua kadiri mtihani unavyokuwa mbali. Mleta mada ana wiki kumi, yaani siku 70. Marudio ya kila kipande yaangukie siku 7 hadi 14 baada ya kukisoma. Ukitazama ratiba ya Kalamu_Nyekundu, wiki ya pili akisoma moyo ndiyo wiki ya kurudia himoglobini. Kurudia maana yake ni kuandika tena kutoka kichwani kwa dakika tano, si kusoma tena.

#12 Asali_Chungu (Tabora)
Mnahesabu dakika vizuri lakini hakuna aliyegusa nusu ya pili ya swali. Muhtasari wenyewe.

Mwaka 2013 Dunlosky na wenzake walipitia mbinu kumi za kujifunzia. Kujipima maswali na kutawanya masomo kwa siku vilipata daraja la juu. Kupiga mistari kwa hailaita, kusoma tena na tena, na MUHTASARI vikawekwa daraja la chini. Sasa mnamshauri binti atumie robo ya saa yake kwa kitu cha daraja la chini?

#13 Dagaa_Mkavu
Nilijua tu. Naomba uzi ufungwe, dada akaanike dagaa.

#14 Kalamu_Nyekundu (Tabora)
@Asali_Chungu umenukuu sawa ila umeacha sababu. Muhtasari uliwekwa chini kwa kuwa wengi hawajui kuuandika, na waliofundishwa kuandika walifaidika. Halafu muhtasari wanaoandika wanafunzi wengi ni ule wa kitabu kikiwa wazi mkononi. Jicho kwenye mstari, mkono kwenye kaunta buku, kichwa kiko sokoni. Huo ni unukuzi.

Mimi naongelea kitabu kimefungwa. Ukifunga kitabu, hizo dakika 15 zinageuka kuwa mtihani mdogo, na kujipima ndiko kulikopata daraja la juu kwenye orodha yako hiyohiyo.

#15 Kitabu_Kizee
Nyongeza kwa #14. Roediger na Karpicke mwaka 2006 waliwapa wanafunzi matini fupi. Kundi moja lilisoma likasoma tena, lingine lilisoma kisha likaandika linachokumbuka bila kuangalia. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili waliongoza, 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: walioandika kutoka kichwani 56, waliorudia kusoma 42.

Angalia hilo la dakika tano, ndilo linalodanganya. Ukisoma tena unajisikia umeiva. Ukifunga kitabu na kuandika unajisikia mjinga. Watu wanaacha njia ya pili kwa sababu ya kile kinyongo tu.

#16 Asali_Chungu (Tabora)
Nakubali nusu. Kama ni kujipima, kwa nini msiseme ajiulize maswali moja kwa moja? Muhtasari wa kichwani una tundu: unaandika unachokijua na unaruka usichokijua, wala huoni kwamba umeruka. Swali halikuruhusu kuruka.

#17 Mlole_Juu
Hilo la kuruka ni kweli kabisa. Huu hapa wa kikao cha moyo, nimeutangulia kujaribu, kitabu kimefungwa. Semeni ukweli.

"Moyo ni kiungo muhimu sana kinachosukuma damu mwilini. Una vyumba vinne, atiria mbili na ventrikali mbili. Pia una vali ambazo huzuia damu isirudi nyuma. Upande mmoja una damu yenye oksijeni na mwingine damu isiyo na oksijeni. Ukuta wa ventrikali ni mnene."

#18 Kalamu_Nyekundu (Tabora)
Umejitahidi kufunga kitabu, hilo tumeona. Sasa peni nyekundu.

Sentensi ya kwanza futa. "Kiungo muhimu sana" unaweza kuiandika kuhusu ini, figo hata kidole gumba. Ya pili ibaki. Ya tatu ina jina bila utendaji: vali inajuaje kufunga? Haina akili, inasukumwa. Presha ya ventrikali ikipita ile ya atiria, vali ya kati yao inafunga, na sauti ya kwanza ya moyo unayoisikia ni hapo. Presha ya ventrikali ikishuka chini ya ile ya mshipa mkubwa, vali za mlangoni mwa mshipa zinafunga, hiyo sauti ya pili. Sentensi hizo mbili zinajibu maswali matano ya mtihani.

"Upande mmoja" ni upi? Hapa ndipo wengi huanguka. Moyo kwenye mchoro unakutazama, kwa hiyo upande wake wa kushoto uko mkono wako wa kulia. Ukiandika "upande mmoja" umekwepa kosa, hujalirekebisha. Andika: kushoto kuna damu yenye oksijeni kutoka mapafuni. Na "ukuta wa ventrikali ni mnene" kwa kulinganisha na nini? Wa kushoto ni mnene kuliko wa kulia, kwa sababu wa kushoto unasukuma damu mwili mzima na wa kulia unaifikisha mapafuni tu.

Kipimo changu: kila sentensi iwe na "kwa sababu", "ikiwa" au "kuliko". Isiyo na hata kimoja, iulize inafanya nini hapo.

#19 Asali_Chungu (Tabora)
Ona sasa! Kila ulichorekebisha hapo juu umekirekebisha kwa SWALI. Inajuaje? Upi? Kuliko nini? Hoja yangu imejithibitisha yenyewe.

#20 Ipuli_Mashariki (Tabora)
Mnaweza kuoanisha hizo mbili. Dakika mbili kabla ya kusoma, geuza kila kichwa kidogo kuwa swali na uliandike pembeni ya ukurasa wa daftari, ukiacha mistari mitupu. "Kinachosogeza grafu" kinakuwa "Kabonidayoksaidi ikizidi grafu inasogea upande gani na misuli inapata nini?" Ukimaliza kusoma, funga kitabu, jaza mistari. Muhtasari wako ndio majibu. Mstari uliobaki mtupu unakupigia kelele, huwezi kuuruka. Njia ya zamani hiyo, Robinson aliipanga miaka ya 1940 kwa hatua tano: pitia, uliza, soma, sema, rudia.

Na kwa swali hilo la grafu tahadhari. Mstari ukisogea kulia, kichwa kinasema "kulia ni zaidi", unaandika himoglobini inabeba oksijeni zaidi. Kinyume chake. Kwa presha ileile ya oksijeni inashika KIDOGO kuliko mwanzo, maana yake inaiachia, na misuli inayofanya kazi ndiyo inayoipokea. Ukitaka kujisahihisha weka rula wima kwenye grafu, soma mistari miwili pale inapokatana na rula. Wa kulia utakuwa chini.

#21 Mlole_Juu
Hiyo ya rula imenifungua. Nilikuwa nimeandika zaidi, tena kwa kujiamini.

#22 Hesabu_za_Jioni
Samahani naingia kidogo. Mimi nasoma uhasibu na nina sura ya kurasa 40 ya kufunga hesabu za mwaka. Nilifuata mtindo huu wa muhtasari wiki mbili. Naweza kueleza uchakavu wa mali kama wakili, ukinipa swali natoka patupu. Nifunge kitabu mara ngapi?

#23 Kitabu_Kizee
@Hesabu_za_Jioni kwako muhtasari wa maneno haufai. Sura ya kukokotoa, kikao kinaisha kwa mfano uliofanywa kitabuni kuufunika na kuufanya upya hadi mizania ilingane. Ukikwama hatua ya nne, funua hadi hatua ya nne tu, funika tena. Kinachobaki cha kuandika ni mstari mmoja: nilikwama wapi, kwa nini. Na dakika zako zipime kwa mifano, si kwa kurasa.

#24 Bangwe_Pwani
Swali kwa wataalamu. Kitabu cha dada ni cha Kiingereza, mtihani Kiingereza. Muhtasari aandike kwa lugha gani? Mimi nasema Kiingereza moja kwa moja, azoee. Mtihani hautamwonea huruma.

#25 Kalamu_Nyekundu (Tabora)
Nasahihisha daftari nyingi, na hapa nina msimamo. Muhtasari wa Kiingereza wa mtoto ambaye hajaelewa unafanana mno na wa aliyeelewa, kwa sababu wote wamekariri sentensi za kitabu. Kwa Kiswahili huwezi kujificha, sentensi ya kukariri haipo, inabidi uijenge. Aandike maelezo kwa Kiswahili, majina ya vitu yabaki kama yalivyo kitabuni. Kikao cha kurudia wiki inayofuata ndipo aandike kwa lugha ya mtihani.

#26 Bangwe_Pwani
Mwalimu hapo hapana. Dakika tano za kurudia ndizo zifanye kazi ya kumbukumbu NA ya kutafsiri? Mtu anaelewa vizuri kabisa, anafika kwenye karatasi anakosa namna ya kuunganisha sentensi. Nimewaona wengi wa hivyo. Lugha nayo inataka mazoezi kila siku.

#27 Ipuli_Mashariki (Tabora)
Wote mna watoto waliowathibitishia. Ningefanya kwa uzito wa kurasa: kikao cha kurasa nzito Kiswahili, chepesi Kiingereza. Lakini sina cha kuwashinda nacho.

#28 Asali_Chungu (Tabora)
Na urefu? Nimeona muhtasari wa kurasa tatu kwa kurasa nane za kitabu. Huo ni mdogo wake kitabu.

#29 Kalamu_Nyekundu (Tabora)
Nusu ukurasa wa kaunta buku, sentensi sita hadi nane, pamoja na mchoro mmoja wa mkono usio na urembo. Ukurasa wa kushoto uache mtupu kwa peni nyekundu. Baada ya wiki tatu unachosoma kabla ya mtihani ni wekundu peke yake. Weusi ulikuwa unaujua tangu siku ile.

#30 Stesheni_Ndogo
Nirudi na fotokopi yangu. Kwa kuwa kitabu kinafungwa, kifungu kilichobanwa kinaingia bahasha, bahasha inagundishwa, hakuna kuchungulia 😀

Saa ngapi ni bora? Huku Tabora ikifika saa kumi na mbili na nusu jioni giza linakaribia, nasoma kwa taa ya sola.

#31 Dagaa_Mkavu
Karibu Kigoma mkuu. Jua letu linazama baadaye kuliko lenu kwa dakika 12 hivi, maana tuko magharibi zaidi na saa ni ileile moja. Dakika 12 hizo ni karibu muhtasari mzima. Ndiyo maana tuna akili.

#32 Asali_Chungu (Tabora)
Na asubuhi linachelewa kuchomoza kwa dakika hizohizo. Akili inasawazishwa.

#33 Mlole_Juu
Mrejesho wa vikao vinne vya ratiba mpya. Cha kwanza na cha pili vimeenda kama mlivyosema. Cha tatu, grafu, nilitumia dakika 39 kusoma badala ya 35. Cha nne kimeniangusha: kurasa nzito zilizokuwa za dakika 9 zimekuwa 12 hadi 13, na muhtasari ulikuwa na mistari miwili mitupu kati ya minne. Nimetumia kikao cha akiba tayari, na wiki ya moyo bado.

Nipunguze nini? Dakika za muhtasari, au nisogeze sura iishe wiki ya nne?

#34 Kalamu_Nyekundu (Tabora)
Muhtasari usiuguse. Kosa ni langu, ukurasa mzito ulioupima ulikuwa mmoja. Kurasa za mfuatano wa hatua, kama safari ya kabonidayoksaidi, ni nzito kuliko za mchoro. Zilizobaki ni nzito 10. Kati yake zile nne za mapigo na umeme ndizo za mfuatano. Zihesabu kwa dakika 13, kwa hiyo 16 zimeongezeka, nusu ya kikao. Weka kikao kimoja kipya cha akiba Jumatatu ya wiki ya nne na uendelee.

#35 Asali_Chungu (Tabora)
Mimi ningepunguza. Limfu ina dakika 25 na kuganda 20, hayo mawili yanaingia kikao kimoja akivumilia dakika kumi za ziada. Wiki ya nne ana sura nyingine inamngoja.

#36 Kalamu_Nyekundu (Tabora)
Na muhtasari wa kikao hicho utakuwa wa kitu gani, limfu au kuganda?

#37 Asali_Chungu (Tabora)
Maswali mawili limfu, mawili kuganda. Maji ya damu yakitoka kwenye kapilari yanarudishwa, damu yenyewe ikitoka inazibwa. Uhusiano upo ukiutafuta.

#38 Mlole_Juu
Kesho ni mapigo. Pigo moja sekunde 0.8 moyo ukipiga mara 75 kwa dakika: 0.1 atiria, 0.3 ventrikali, 0.4 mapumziko. Nimeyageuza kuwa maswali matatu tayari. La limfu nitaamua nikifika. Asanteni.

#39 Dagaa_Mkavu
Na zile kurasa mbili za boti ya Kalya zimeishia wapi?